Jina la Bendi ya Shule: Lisomeke Bangoni, Lisikike Redioni

Bango la kwanza la bendi ya shule yetu lilikuwa na jina lenye maneno tisa: Bendi ya Muziki ya Vijana wa Shule ya, kisha jina la shule. Mwanafunzi aliyelichora alijitahidi sana, lakini alipomaliza jina hakubaki na nafasi ya tarehe, akaibana pembeni kwa kalamu ya wino. Watu walijua kuna kitu kinakuja, wasijue lini. Nilikuwa mlezi wa klabu ya muziki, shule ya sekondari ya kutwa mjini Tanga, na siku ile niliwaambia wanangu: kabla ya kununua hata uzi mmoja wa gitaa, tutafute jina.

Ilituchukua wiki tatu. Nitaeleza tulivyofanya, pamoja na tulipokosea, ili mwenye bendi mpya mkononi asirudie makosa yetu.

Hatua ya kwanza: kusanyeni majina mengi, kisha ondoeni yatakayozeeka

Wekeni ubao na chaki, kila mwanabendi alete majina mawili. Msibishane bado, andikeni tu. Sisi tulipata kumi na manne.

Mchujo wa kwanza si wa sauti wala sura, ni wa umri. Jina lolote lililofungwa kwenye kitu kitakachobadilika lifuteni. Jina lenye "Kidato cha Tatu" litakuwa la uongo ifikapo Januari. Jina lenye neno la kiume litaleta ugomvi siku binti wa kwanza atakaposhika besi. Hata jina la shule ni la kufikiria mara mbili, kwa kuwa linahitaji ruhusa ya mkuu wa shule kila mnapotoka nje, na wale watakaomaliza hawataweza kuondoka nalo.

Historia ya dansi letu inalo somo hili waziwazi. Nuta Jazz ilibeba jina la chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA miaka ya 1970, bendi nayo ikawa Juwata Jazz. Kikaja OTTU, ikabidi ibadilike tena. Jina lililokaa midomoni mwa watu ni Msondo Ngoma, na msondo ni ngoma tu, haina mkutano mkuu wa kuibadilisha jina. Mahasimu wao, Mlimani Park, walioanza mwaka 1978, nao wanajulikana zaidi kwa Sikinde, neno lililotoka katika ngoma za Wazaramo. Linganisheni: Msondo, Sikinde. Silabi mbili, silabi tatu. Mashabiki walijichagulia wenyewe jina linalotamkika.

Baada ya mchujo huo tulibaki na sita. Moja lilikuwa na lile neno la Kiingereza la mdundo, linaloandikwa bila irabu hata moja. Niliwaomba wanabendi wanane waliandike bila kutazamana. Wawili walipatia. Tukalifuta hapo hapo, kwa sababu ikiwa mwenye bendi hawezi kuandika jina lake, msikilizaji atalitafutaje? Yakabaki matano: Vijana wa Mwambao, Anga, Kusi, Mshindo na Kokoto.

Hatua ya pili: litamkeni ndani ya sentensi ya mtangazaji

Kosa kubwa la wengi ni kulipima jina likiwa peke yake. Redioni jina haliji peke yake. Linakuja katikati ya sentensi, mara moja, na mtangazaji ana haraka. Kwa hiyo andikeni sentensi tatu za kawaida na kila jina lipite humo:

"Na sasa tunawaletea bendi ya ... kutoka Tanga."

"Hawa ni ..., karibuni studio."

"Wimbo huo umepigwa na ..."

Hapo ndipo Kiswahili kinapowaumbua. Maneno yanayotangulia jina, yaani ya, ni, na, yote yanaishia kwa irabu. Jina nalo likianza kwa irabu, irabu mbili hugongana na moja humezwa. Jina letu la Anga lilionekana zuri mno ubaoni, herufi nne tu, nyepesi kama lenyewe. Kijana akasimama akasoma kwa kasi ya mtangazaji: "Tunawaletea bendi ya Anga." Darasa zima likasikia Yanga. Nusu wakashangilia, nusu wakazomea, na mshabiki mmoja wa Simba akasema yeye hapigi ngoma katika bendi hiyo hata kwa dawa. Jaribuni na Imara vilevile: "hawa ni Imara" inatoka "hawa nimara". Jina linaloanza kwa konsonanti huwa na mlango wake. Sikio linajua neno jipya limeanza.

Konsonanti zenyewe hazina nguvu sawa. Za kupasua, yaani p, b, t, d, k na g, zina mwanzo mkali unaokata kelele. Za kukwaruza kama s, f na th ni pumzi tu, na nguvu kubwa ya s iko katika masafa ya juu, hezi 4,000 na zaidi, ambayo ndiyo ya kwanza kupotea kwenye spika mbovu. Za puani, m na n, hubadilishana kirahisi. Na m inayosimama peke yake mwanzoni, kama katika mto au mti, hutolewa na mdomo uliofumbwa. Mtangazaji akiwa mbali kidogo na maikrofoni, msikilizaji anapata "to" na "ti".

Kisha kuna sauti ambazo sisi wenyewe hatuzitamki sawa. Wengi wetu r na l zinabadilishana nafasi. Dh inakuwa z, th inakuwa s, gh inakuwa g. Bendi iitwayo Dhahabu itatangazwa Zahabu na nusu ya watangazaji, na msikilizaji ataitafuta kwa z. Sisemi maneno hayo ni mabaya, nasema yatawagharimu. Ng' nayo ina balaa mbili kwa pamoja: wapo wasioitamka, na ile alama ya king'ong'o hupotea bangoni au hukataliwa kwenye majina ya akaunti.

Hatua ya tatu: jaribio la simu

Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote, na gharama yake ni muda wa maongezi tu.

Simu ya kawaida ya sauti, ya mtindo wa zamani, hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Redio ya FM hupitisha hadi karibu hezi 15,000. Kwa hiyo jina linalopona kwenye simu litapona redioni, hata ndani ya daladala yenye injini inayolia. Isitoshe, bendi ya shule ikihojiwa, mara nyingi huhojiwa kwa simu. Msitumie simu za intaneti kwa jaribio hili, maana zikiwa na mtandao mzuri sauti yake ni safi mno na itawadanganya.

Fanyeni hivi. Kwa kila jina tafuteni watu kumi wasiosoma shuleni kwenu na ambao hawajawahi kulisikia jina: shangazi, fundi baiskeli, mama lishe, mjomba aliye Muheza. Mpigieni kila mmoja. Msomeeni sentensi ya kwanza mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida, bila kutaja herufi. Kisha mwambieni aandike jina alilosikia na alitume kwa ujumbe wa simu. Msimpe majina ya kuchagua, kwa sababu akipewa orodha atakisia. Msirudie hata akiomba, redio hairudii. Kila mtu asomewe jina moja tu, la sivyo la pili atalisikia kwa kulinganisha na la kwanza.

Kipimo chetu kilikuwa wanane kati ya kumi waandike sawasawa, herufi kwa herufi. Wakipungua, someni makosa yao kabla ya kulitupa jina, kwa kuwa makosa yanaonyesha ugonjwa uko wapi. Kwa Kusi, ambalo mimi mwenyewe nililipenda sana kwa ajili ya ule upepo wa bahari, tulipata Kuchi, Kufi, na Kusini mara mbili. Ile s katikati ilikuwa imeyeyuka, na kila mtu akaweka anachokijua. Mfuga kuku alisikia kuchi, jogoo wa kupigana. Sikuwa na hoja.

Kokoto liliandikwa sawa na tisa. Mmoja aliandika Kokoko. K na t ni jamaa, na kwenye simu inayokatakata mtu anaweza kuzichanganya, ila mahali t ilipokaa palitusaidia. Mkazo wa Kiswahili huanguka silabi ya pili kutoka mwisho, lakini silabi ya mwisho, to, ndiyo inayobadilisha mlio, na sikio hulisubiri badiliko hilo. Likitamkwa, ko-KO-to, ni kama mtu anagonga ngoma mbili, moja kubwa na moja ndogo.

Hatua ya nne: ulizeni wakubwa maana ya pili

Hatua hii ni fupi lakini msiiruke. Mshindo lilikuwa limependwa na wapiga ngoma wote. Kamusi inasema ni sauti ya kitu kizito kikianguka au kikigongwa. Jina gani lingefaa zaidi? Nikamtuma kiranja wa bendi kwa mlinzi wa getini.

"Shikamoo babu. Bendi yetu tunataka kuiita Mshindo."

"Marahaba mjukuu wangu." Mzee akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Mwalimu wenu anajua?"

Mwalimu alikuwa anajua kamusi. Neno lile mtaani lina kazi nyingine, ya chumbani, na watu wazima wasomaji wa makala hii hawahitaji kuelezwa. Fikiria mtangazaji akilitaja saa kumi na mbili jioni, familia zikiwa sebuleni. Kwa hiyo ulizeni mtu mzima mmoja, kijana wa mtaani mmoja, na mtu wa kila lugha inayozungumzwa sana karibu na shule. Muulizeni: neno hili likitajwa, nani atacheka?

Humo humo, tafuteni kama jina lina mwenyewe. Liandikeni YouTube na Instagram, muone kama kuna bendi inayolitumia. Kama mnakusudia kutoka nje ya shule kwa maonyesho ya kiingilio, ulizeni pia Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, wanaosajili wasanii na vikundi. Na kufanana kidogo nako ni kufanana. Hapa Tanga tulikuwa na Black Star na Lucky Star, vyote vikundi vya taarabu. Ndugu wa Kinyonga, watoto wa mji huu huu, walianzisha Simba Wanyika huko Kenya mwaka 1971. Baadaye zikatoka Les Wanyika na Super Wanyika. Mwenye sikio la muziki anazitofautisha kwa gitaa. Aliyeshika neno la mwisho tu, Wanyika, abaki anauliza ni wale wapi. Wao walikuwa wakubwa, jina lilikuwa ukoo. Bendi ya shule haina ukoo bado.

Hatua ya tano: pimeni kwa rula

Sasa bango. Watu huanza na rangi na picha ya gitaa; mimi nasema anzeni na rula, kwa sababu upana wa karatasi ndio utakaoamua ukubwa wa herufi.

Karatasi ya A3 ikisimama ina upana wa milimita 297. Acheni milimita 15 kila upande, zinabaki 267. Herufi kubwa nene za kawaida, pamoja na nafasi ndogo kati yake, huchukua upana unaokaribiana na kimo chake. Basi gawanyeni 267 kwa idadi ya herufi na nafasi za jina, mtapata kimo cha herufi mnachoweza kukimudu kwenye mstari mmoja.

Vijana wa Mwambao lina herufi 15 na nafasi mbili, jumla 17. Ukigawanya unapata karibu milimita 16. Kokoto lina herufi sita: milimita 44. Kanuni ya wachora mabango ni kwamba herufi ya milimita 25 husomeka bila kukaza macho kutoka kama mita tatu. Ina maana jina la kwanza litasomwa vizuri na mtu aliye chini ya mita mbili, yaani aliyesimama mbele ya bango tayari. La pili linasomeka kutoka mita tano, na mpita njia upande wa pili wa barabara nyembamba analipata bila kuvuka.

Mtasema, si tuligawe mistari miwili? Inawezekana, na husaidia. VIJANA WA juu, MWAMBAO chini: mstari mrefu sasa una nafasi tisa, kimo kinapanda hadi karibu milimita 30. Lakini mmekula urefu wa karatasi mara mbili, na jicho linasoma vitu viwili. Halafu hesabu ile ni ya wastani. M na W ni herufi pana kuliko zote, na MWAMBAO linazo tatu; likichorwa kweli linapungua tena. I na J ni nyembamba. Kabla ya kuamua, liandikeni jina kwa herufi mnazokusudia kutumia na mlipime.

Tazameni pia umbo lake. Andikeni jina kwa herufi kubwa, kisha kwa ndogo, mkalibandike ukutani na kurudi nyuma hatua kumi huku mmekunja macho. Jina zuri linabaki na sura hata herufi zikififia. KOKOTO lina duara tatu, na kijana wetu mchoraji aliziona ni ngoma tatu kabla sijasema neno. Akazichora hivyo, na nikamkataza. Picha ndani ya herufi hufurahisha mwenye kuchora. O ikiwekewa kamba na ngozi, mgeni anasoma K K T. Tukakubaliana: duara moja tu, la mwisho, liwe na alama ndogo, na mbili zibaki herufi.

Jaribio la mwisho la bango ni mashine ya kopi. Mabango ya shule hayachapwi kwa rangi, hutolewa kopi nyeusi na nyeupe, na mara nyingi kopi ya kopi. Toeni kopi ya kwanza, kisha toeni kopi kutoka hiyo, mara tatu. Herufi zenye mikia myembamba zitakatika, na maandishi meupe juu ya rangi ya kijivu yatazama. Kinachobaki kwenye kopi ya tatu ndicho watakachoona wapita njia.

Hatua ya sita: livisheni nguo mbili

Jina fupi lina udhaifu wake. Mtu akisikia Kokoto bila maelezo, atadhani ni tangazo la vifaa vya ujenzi. Ilitutokea kwenye jaribio la simu: mama mmoja aliandika jina sawa kabisa, kisha akauliza lori moja ni bei gani.

Dawa ni maneno mawili ya kusindikiza, ila mahali pake panatofautiana. Redioni yatangulie: "bendi ya Kokoto". Neno bendi linaliandaa sikio, likija jina linaangukia kwenye kapu lake. Bangoni yafuate, chini na kwa herufi ndogo, kwa sababu jicho linaanza na kilicho kikubwa. Msiyaweke mbele bangoni ati kwa sababu ndivyo mnavyotamka, mtarudia bango letu la kwanza.

Jina la akaunti nalo litatajwa redioni, basi liwe linatamkika. Nukta, mistari ya chini na tarakimu humlazimu mtangazaji kueleza badala ya kutaja. Sisi tulichukua `kokotobendi`, neno moja, herufi ndogo tupu, linaandikwa kama linavyosikika.

Kadi ya mtangazaji

Mkialikwa redioni, msimwachie mtangazaji akisie. Pelekeni kadi ya ukubwa wa bahasha, iliyoandikwa kwa herufi kubwa za mkono zinazosomeka, na mpeni kabla ya kipindi, si hewani. Yetu ilikuwa na mistari minne:

Bendi ya KOKOTO (ko-KO-to)
Wanafunzi wa sekondari, Tanga
Wapigaji wanane
Akaunti: kokotobendi

Siku ya kwanza studio mtangazaji aliisoma kadi, akaigeuza nyuma kutafuta maelezo zaidi, hakukuta kitu, akasoma kilichopo. Nilikuwa nje ukumbini nasikiliza kwenye kiredio kidogo cha mfagiaji, chenye antena iliyofungwa waya. Jina lilitajwa mara tano, na mfagiaji, aliyekuwa na ndoo mkononi, akaniuliza kama hao Kokoto wangepiga pia Jumamosi.